Safu Moja, Stakabadhi Moja: Kujaza Fomu Ndefu ya Mtandaoni kwa Programu kutoka katika Lahajedwali

Watafiti wa nyanjani na maafisa wa takwimu hulazimika mara kwa mara kuhamisha data iliyokwisha kukusanywa katika lahajedwali hadi kwenye fomu ya mtandaoni isiyokubali kupakiwa faili zima. Makala hii inaeleza jinsi kazi hiyo inavyoweza kufanywa na programu fupi ya Python inayokiongoza kivinjari kwa maktaba ya Playwright. Kujaza nyuga za fomu ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu umo katika kujua, kwa kila safu, kama imepokelewa au la, na swali hilo ndilo litakalotushughulisha zaidi.

Tuchukulie kwamba tuna orodha ya visima 240 vya Wilaya ya Kayunga, Uganda. Kila kisima kina safu yake na namba yake ya pekee, na fomu ina nyuga 46. Kabla ya kuandika programu, lahajedwali lenyewe halina budi kusafishwa. Namba ya simu inayoanza na sifuri huchukuliwa na Excel kuwa idadi, na sifuri hiyo hupotea. Tarehe 1 Januari 2024 huhifadhiwa ndani kama 45292, na programu inaweza kuisoma hivyo. Ni salama zaidi kuzifanya safuwima hizo kuwa za maandishi kabla ya kuingiza data, na kuandika tarehe kwa mtindo wa `2024-01-01`, kwa kuwa uga wa tarehe katika kivinjari hudai mtindo huo.

Nyuga za mahali zina mtego wake. Mtumiaji akichagua wilaya, orodha ya kaunti huletwa upya kutoka kwenye seva; akichagua kaunti, huletwa orodha ya kaunti ndogo. Playwright husubiri chaguo litokee, lakini hulitafuta kwa tahajia ileile. Mkusanyaji akiandika Baale, ilhali fomu ina Bbaale, kwa konsonanti maradufu ya Kiluganda, programu itasubiri sekunde 30 na kukoma. Kukoma huko ni heri. Hatari zaidi ni pale orodha inapochelewa kuletwa, kisha ikafuta chaguo lililokwisha kufanywa bila ujumbe wowote. Kwa sababu hiyo, programu isome tena nyuga zote baada ya kujaza na kuzilinganisha na safu, ndipo ibonyeze kitufe cha kutuma.

Sasa tufikie kutuma kwenyewe. Kubonyeza kitufe si ushahidi wa kupokelewa: fomu yenye kosa hubaki palepale ikiwa na maandishi mekundu kando ya uga mmoja. Ushahidi ni namba ya stakabadhi inayotolewa na seva. Lakini kati ya kubonyeza na kuiona namba hiyo, mtandao unaweza kukatika. Je, seva ilipokea? Kutoka upande wetu haiwezekani kujua. Programu inayorudia kutuma kila inapokosa jibu itasajili visima vingine mara mbili, na inayoruka itaviacha vingine nje.

Suluhisho ni safuwima mbili za ziada, hali na stakabadhi, zinazohifadhiwa kwenye diski kwa kila hatua:

```python
rekodi(kisima, "inatumwa")
page.get_by_role("button", name="Submit").click()
page.get_by_text("Reference number").wait_for()
rekodi(kisima, "imepokelewa", soma_namba(page))
```

Hapa `rekodi` na `soma_namba` ni vitendaji vya mwandishi wa programu mwenyewe. Mpangilio wa mistari ndio wenye uzito: neno "inatumwa" huandikwa kabla ya kubonyeza. Umeme ukizimika kwenye kisima cha 87, tukiwasha tena tutakuta safu 86 zenye stakabadhi, moja yenye "inatumwa", na 153 tupu. Programu iendelee na zile tupu pekee. Ile moja isiguswe na mashine.

Safu tano za kwanza zifuatiliwe kwa macho, zikilinganishwa na kile mfumo unachokionyesha baada ya kupokea. Hapo ndipo hubainika, kwa mfano, kwamba kina cha kisima kimeandikwa kwa futi katika uga wa mita, kosa ambalo usomaji wa nyuga hauwezi kuligundua.

Mbinu hii ina mpaka. Fomu yenye jaribio la kuthibitisha kuwa mtumiaji ni binadamu imekataa programu waziwazi, na kulikwepa jaribio hilo si jambo la kiufundi tena. Hata pasipo jaribio, idhini ya wenye mfumo iombwe kwa maandishi. Si ajabu wakajibu kwa kulipokea lahajedwali zima na kuliingiza wenyewe.

Kuhusu safu zilizobaki "inatumwa", mtafiti atafute namba ya kila kisima katika mfumo. Ikipatikana, aandike stakabadhi yake. Isipopatikana, airudishe safu kuwa tupu. Mfumo usioruhusu kutafuta humwachia njia moja: kuipeleka orodha hiyo fupi kwa ofisi husika na kusubiri jibu kabla ya kutuma tena.