Itifaki Imezingatiwa, Sasa Mama Fulani Asimame

Mshereheshaji anasema "dakika tatu", anampa kipaza sauti, na papo hapo mwanamke aliyekuwa akiongea kama watu muda mfupi uliopita anageuka kuwa karani wa wilaya. Sauti inapanda. Mgongo unanyooka. "Awali ya yote, itifaki ikiwa imezingatiwa, napenda kuchukua fursa hii adhimu..." Baadaye shukrani za dhati zinawaendea wahudumu wenzake wote wa afya ya jamii kwa ushirikiano wao wa hali na mali. Wenzake wenyewe wamekaa nyuma kabisa ya hema, wamevaa fulana zao za kazi, na wanapiga makofi kwa adabu. Hakuna hata mmoja aliyejitambua ndani ya maneno yale.

Watu husema hotuba ya namna hiyo imekaririwa mno. Si kweli hasa. Mara nyingi mwenye kuitoa hakufanya zoezi hata mara moja; amechota tu kwenye kisima kinachochotwa na kila mtu hafla inapoanza. Ukiitazama lugha yenyewe utaona inapokwama. "Shukrani ziwaendee" ni sentensi ambayo shukrani zinasafiri peke yake: hayupo anayezitoa wala anayetazamwa usoni. "Ushirikiano" ni nomino, na nomino haivui viatu ikavuka mto. Kiswahili kinapotaka kusimulia kina kifaa chake, kile kiambishi kidogo cha -ka-: akaja, akaketi, akaandika. Mhudumu huyo huyo akiwa jikoni kwake anakitumia bila kufikiri. Jukwaani anakiacha mlangoni pamoja na mwavuli.

Ili kuona cha kusema badala yake, inafaa kwanza kujua kazi yenyewe inavyogawanywa. Nchini Kenya, tarehe 25 Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Walikuwa takriban 100,000 nchi nzima, na kila mmoja alikusudiwa kupewa mkoba wenye vifaa kama mashine ya kupima shinikizo la damu, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Kila mmoja hukabidhiwa takriban nyumba 100. Kumi kati yao huunda kitengo kimoja kinachohudumia kama watu 5,000, chini ya msimamizi anayelipwa mshahara. Wao hupokea posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ambayo serikali kuu na kaunti ziliafikiana kuichangia nusu kwa nusu.

Hapo ndipo ugumu wa tuzo ulipo. Nyumba zina mwenyewe, simu ya kuingizia taarifa ina mwenyewe, ripoti ya mwezi ina jina moja. Kwa hiyo tuzo nayo inamtafuta mtu mmoja. Lakini kazi haifanyiki hivyo. Mtu anaugua, anajifungua, anafiwa, na nyumba zake mia hazisubiri. Anazitembelea jirani yake. Mwenye kupokea tuzo anajua hesabu hiyo kuliko mgeni rasmi, na ndiyo anayodaiwa kuisema.

Tumchukue mhudumu mmoja wa Ganze, Kaunti ya Kilifi. Yeye ni wa kutungwa, ila kazi yake ndivyo ilivyo. Ameitwa kupokea cheti cha mhudumu bora na anataka kumshukuru mwenzake, ambaye hapa tutamwita Mama Fulani. Akiulizwa nyumbani Mama Fulani alifanya nini, hasemi "ushirikiano". Anasema hivi:

"Ule mwezi wa mvua nilishikwa na malaria, mimi mwenyewe ninayewaambia watu walale kwenye neti. Haya, chekeni. Siku nne sikuinuka. Mama Fulani ana nyumba zake, mia na kitu, ng'ambo ya mto. Akazimaliza zake, akavuka, akaanza zangu. Siku ya tatu akaja kwangu jioni, viatu mkononi, akaniambia, 'Usiinuke, dada. Yule wa utepe mwekundu nishamfikisha zahanati.' Msimamizi wetu tulimwambia, hatukumficha. Lakini ripoti ilipokwenda juu, ilikwenda na jina langu. Mama Fulani, simama wakuone."

Hiyo ni chini ya dakika moja, na ndiyo hotuba. Kilichobaki ni kuipunguza, maana ndani yake mna kosa moja kubwa.

Kosa ni "yule wa utepe mwekundu". Kwa mgeni kutoka mjini ni maneno matupu, lakini kwa wahudumu na wazazi wengi waliomo hemani yana maana kamili. Utepe huo huzungushwa katikati ya mkono wa juu wa mtoto wa kati ya miezi 6 na 59, mkono ukiwa umelegea. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, unaangukia kwenye rangi nyekundu: utapiamlo mkali, na mtoto anapewa rufaa siku hiyo hiyo. Njano ni kuanzia hapo hadi kabla ya 12.5, na kijani ni salama. Sasa kijijini kila mtu anakumbuka ni mtoto gani alibebwa kwa bodaboda ule mwezi wa mvua. Mama yake huenda amekaa safu ya nne, na muda si mrefu vichwa vitageuka.

Mhudumu anawajibika kutunza siri ya nyumba anayoingia, na kupewa tuzo hakumfungulii siri hiyo. Ana njia mbili. Anaweza kwenda kwa mama yule wiki moja kabla, wakazungumza faraghani, akamweleza atakachosema na akakubali jibu lolote, hata la hapana. Au anabadilisha maneno machache tu: "Yule niliyekuwa nikimwaza usiku, nishamfikisha zahanati." Ugonjwa umeondoka, umri umeondoka, na cha ajabu ni kwamba sentensi imepata joto zaidi. Wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dozi wakafuatwa majumbani wao wasiguswe kabisa, hata kwa fumbo. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, na katika muda huo kijiji kinakuwa kimeshahesabu nani alitembelewa mara ngapi.

Kuna aliyelazimika kusimama mbele ya dunia na mzigo mzito kuliko huu. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, mapema kabisa katika hotuba yake jijini Oslo aliwarudisha wasikilizaji kwenye usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996, waasi walipoishambulia hospitali ya Lemera alikokuwa akifanya kazi. Alieleza kwamba wagonjwa waliuawa vitandani mwao, na wafanyakazi walioshindwa kukimbia wakauawa nao. Hakulazimika kusema kwamba wenzake walijitolea. Aliwaweka mahali, akawapa tarehe, na ukumbi wa Oslo ukajua ni deni la namna gani alilokuja nalo.

Shirika la Afya Duniani nalo lilikumbana na swali la jina moja na kazi ya wengi. Mwezi Mei 2022, katika tuzo za Mkurugenzi Mkuu wake, halikuchagua mhudumu mmoja wa India. Liliwapa tuzo wahudumu wa kijijini wanaoitwa ASHA wote kwa pamoja, wanawake zaidi ya milioni moja. Katika orodha hiyo hiyo walikuwemo wahudumu wanane wa chanjo ya polio waliopigwa risasi na kuuawa kaskazini mwa Afghanistan mwezi Februari mwaka huo, wanne kati yao wanawake. Uamuzi wa haki, nakubali, ingawa unatuachia fumbo: wakiwa milioni moja, nani anashika kipaza sauti? Katika kaunti zetu njia hiyo haitafuatwa hivi karibuni. Ataitwa mmoja, naye ndiye atakayebeba wengine mdomoni.

Awabebeje wote kumi bila kuacha mtu? Hapa ndipo orodha inapoponza. Akianza kutaja majina, la nane litampotea, na mwenye jina hilo atalikumbuka hadi uzeeni. Ni afadhali aseme idadi, kisha awape ishara: "Tuko kumi katika kitengo chetu. Naomba mlioko hapa msimame." Wakishasimama, anasimulia kisa cha mmoja tu. Wengine hawatanuna, kwa sababu kisa cha Mama Fulani wanakijua, na kila mmoja ana chake kinachofanana nacho. Muuguzi wa zahanati na mwendesha bodaboda wanaingia humo humo endapo walikuwemo kwenye safari ile. Asiyekuwemo asilazimishwe, hata akiwa na cheo.

Na itifaki je? Isidharauliwe. Gavana amekuja, mzee wa mtaa amekuja, na mtu wa Pwani hawezi kupita mbele ya wakubwa bila salamu. Sentensi moja inatosha: salamu kwa Mheshimiwa Gavana, salamu kwa wazee, na basi. Kinachochosha ni pale salamu zinapokula dakika mbili kati ya tatu. Kama alizoea kumtanguliza Mungu, amtangulize kwa maneno anayosalia nayo, si kwa yale ya kadi ya mwaliko.

Kuhusu mazoezi, afanye, ila asiandike hotuba nzima. Akiiandika ataisoma, na akiisoma macho yatakuwa kwenye karatasi wakati Mama Fulani anasimama. Aishike kichwani sentensi ya kwanza, "Ule mwezi wa mvua nilishikwa na malaria," na ya mwisho, "Simama wakuone." Katikati aache kisa kijisimulie. Amsimulie mwenzake mwingine njiani wakienda kutembelea nyumba, kesho yake amsimulie mumewe au dada yake, na kila mara maneno yatatoka tofauti kidogo. Tofauti hiyo ndiyo anayoitaka. Siku maneno yakianza kutoka yale yale, apumzike kuisimulia hadi siku ya hafla.

Mambo mawili bado yanaweza kumharibikia. La kwanza ni machozi. Yakija, anyamaze, ahesabu pumzi zake kama anavyohesabu za mtoto mwenye kikohozi, halafu aendelee pale alipoachia bila kuomba radhi. La pili ni posho. Kama imechelewa, mkono utawasha kuitaja mbele ya Gavana. Wako watakaomshauri anyamaze kabisa, mimi naona sentensi moja ya kweli ndani ya kisa inaruhusiwa: "Nauli ya bodaboda siku ile aliilipa mfukoni mwake, na posho ya mwezi ule ilikuwa bado." Ikizidi hapo, shukrani zimegeuka mashtaka na Mama Fulani amesahaulika amesimama.

Neno la mwisho ni la washereheshaji na kamati za maandalizi. Wale wenye fulana msiwaweke nyuma ya hema, karibu na masufuria. Tengeni viti kumi safu ya mbele, upande anaotazama msemaji, na muwakalishe kabla wageni rasmi hawajafika.