Je, Wajua? Ni 5 au 6?

Mzazi aliyeko Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, anatumiwa kwa simu picha ya daftari la hesabu la mwanawe anayesoma Mbinga mjini, naye anataka kuinakili kazi hiyo. Mtoto ameandika 38 + 29, lakini tarakimu ya kwanza ya jibu imevurugika: ni 57 au 67?

Jibu sahihi ni 67. Hata hivyo, usinakili 6 kwa sababu hiyo tu. Anayesahau kubeba 1 hupata 57, na kosa hilo ndilo mwalimu analotaka kuliona. Ukilirekebisha wakati wa kunakili, umelificha.

Tazama 5 na 6 nyingine za mtoto huyohuyo katika ukurasa uleule. Kuza picha utafute kofia ya 5, ule mstari mfupi wa juu. Watoto wengi huuchora mwisho, hivyo mstari huo huweza kuachana na tumbo. Angalia pia kama amebeba 1 juu ya 3.

Ikiwa bado haisomeki, andika [5/6]7, uombe picha nyingine ya mchana isiyo na kivuli, na mtoto aulizwe aliandika nini.