Wa kwanza kwenye mchujo ameshauzwa

Kila Jumamosi ya langalanga, mchujo ukiisha tu, naulizwa swali lilelile. Safari hii waliouliza ni vijana wawili wa bodaboda pale Ntalikwa, na hata sijashuka vizuri kwenye pikipiki: "Mwalimu, huyu aliyeshika namba moja tumtie kwenye mkeka, si ndiyo?" Mmoja alikuwa ameshaufungua kwenye simu. Juu kulikuwa na timu tatu za mpira, na chini kabisa dereva atakayeanza mbele, odi 1.80. Ushauri huo ameulipia kwa mtu wa kundi la WhatsApp anayeuza "mikeka ya uhakika".

Nilipanga odi kwa miaka kadhaa kabla sijarudi Tabora kufundisha hesabu, na swali hili limenichosha. Jibu ni hapana, na sababu yake ndiyo hii.

Anayekuuzia habari kwamba dereva fulani ataanza mbele anakuuzia kitu ambacho kampuni ya kubeti imekiona dakika ileile ulipokiona wewe. Tuseme Ijumaa dereva huyo alikuwa na odi 3.00 ya kushinda. Gawanya 1 kwa 3.00: bei hiyo inataka ashinde mara 33 katika 100. Mchujo ukaisha, akashika nafasi ya kwanza, odi ikashuka hadi 1.80. Gawanya tena: sasa bei inataka ashinde karibu mara 56 katika 100. Faida ya kuanza mbele imeshakatwa kwenye bei, na wewe unaponunua Jumamosi usiku unailipia yote. Swali la maana ni kama atashinda zaidi ya mara 56. Huyo wa WhatsApp hajawahi kulijibu, kwa sababu hajui kwamba lipo.

Tangu ubingwa wa dunia wa langalanga uanze mwaka 1950, anayeanza mbele ameshinda mara kama nne hivi katika kumi. Viwanja vinatofautiana, ni kweli. Monako hakupitiki, na mwaka 2024 magari kumi ya kwanza yalimaliza kwa mpangilio uleule yalioanza nao. Lakini huwezi kuichukua Monako ukaipeleka kila mahali.

Mtazame Charles Leclerc wa Ferrari mwaka 2022. Alianza mbele mara 9, na hakuna dereva mwingine aliyefikisha idadi hiyo mwaka huo. Kati ya hizo 9 alishinda 2 tu, Bahraini na Australia. Miami, Italia na Singapuri alimaliza wa pili. Monako timu yake ilivuruga hesabu ya kubadili tairi, akawa wa nne. Ufaransa alikuwa anaongoza akagonga ukuta mwenyewe. Hispania alikuwa anaongoza, injini ikafa. Wiki tatu baadaye, Baku, alikuwa anaongoza tena, mzunguko wa 20 kati ya 51, moshi ukaanza kumtoka nyuma kwenye ule mnyoosho mrefu. Aliyeweka shilingi 1,000 kwenye kila moja ya mbio hizo tisa alihitaji odi zile mbili zilizolipa ziwe na wastani wa 4.50 ili arudishe mtaji tu. Dereva wa mbele mwenye gari lenye kasi ile hapewi odi kama hiyo.

Mtu ataniambia huo ni mkosi wa msimu mmoja. Sehemu yake ni mkosi. Sehemu nyingine ilionekana mapema, na hapa ndipo kazi ilipo. Kushinda ni mambo mawili yanayozidishwa: gari lifike mwisho, na likifika liwe mbele ya mengine. Mchujo unakuonyesha kasi ya mzunguko mmoja wa kama dakika moja na nusu. Hauoni kabisa kama injini itavumilia joto la saa moja na nusu. Kwa hiyo rudi kwenye ile 1.80. Kama gari hilo hufa mara moja katika kumi, basi katika mbio linazofika mwisho linatakiwa lishinde karibu mara 62 katika 100, si 56 tena.

Soko la jukwaa, yaani kumaliza ndani ya tatu bora, watu hulikimbilia wakidhani ni salama. Kwa anayeanza mbele ni kinyume. Odi ya jukwaa ya 1.25 inataka mara 80 katika 100. Gari likifa mara moja katika kumi, litatakiwa kupanda jukwaani mara 89 katika kila 100 linazofika. Kwa dereva huyu ubovu wa gari ndio karibu hatari yote iliyobaki, na wewe umelipwa robo ya mtaji wako kuibeba. Leclerc, katika zile 9, alipanda jukwaani mara 5.

Ubovu huohuo humnufaisha anayeanza wa tano. Baku siku ile mpangilio ulikuwa Leclerc, Perez, Verstappen, Sainz, Russell. Sainz alitoka mzunguko wa 9, Leclerc wa 20, na Russell akamaliza wa tatu bila kuwa na gari la kuwazidi kasi. Si wawili hao tu: magari manne yenye injini ya Ferrari hayakumaliza siku ile. Ndiyo maana kuweka Ferrari zote mbili za jukwaa kwenye mkeka mmoja ni kununua hatari ileile mara mbili. Na gharama haikuishia Baku, kwani mbio zilizofuata, Kanada, Leclerc aliwekewa injini mpya, akaadhibiwa na kuanza wa 19.

Wapo pia wanaoihamishia kanuni hii ya kumfuata anayeanza mbele kwenye Safari Rally ya Naivasha. Huko hakuna mchujo wa namna hii. Ijumaa anayeongoza ubingwa ndiye hutangulia, na kwenye vumbi kavu kutangulia ni kuwafagilia wengine njia: yeye anateleza kwenye changarawe, wanaofuata wanapata ardhi ngumu. Na huko nako gari hufa: mwaka 2021 Thierry Neuville aliingia Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima. Kwenye hatua ya kwanza asubuhi hiyo shokomzoba ilikufa, akatoka, na Sébastien Ogier akashinda.

Kama lazima uweke, basi haya. Soma orodha rasmi ya kuanzia, usitosheke na matokeo ya mchujo: Ubelgiji 2022 Verstappen ndiye alikuwa na kasi kuliko wote, adhabu ya injini ikamwanzisha wa 14, na bado akashinda. Hesabu mbio tano au sita zilizopita, uone magari ya injini hiyo yameshindwa kumaliza mara ngapi. Soma masharti ya kampuni kuhusu dereva asiyeanza kabisa, kama Leclerc Monako 2021, maana nyingine hurudisha pesa na nyingine hula. Soma pia kama wanalipa kwa waliopanda jukwaani au kwa matokeo baada ya ukaguzi, kwa kuwa Russell alipanda jukwaani kama mshindi Ubelgiji 2024, kisha akafutwa gari lilipopimwa na kukutwa jepesi. Dereva wa langalanga usimchanganye na mpira kunenepesha mkeka.

Nyinyi wawili wa Ntalikwa, kabla hamjabonyeza, gawanyeni 1 kwa hiyo odi. Namba itakayotoka msipoiamini, pesa ikae mfukoni. Na yule wa WhatsApp acheni kumlipa.