Sharti Lililokatwa na Kamera

Karatasi ya mazoezi ya hisabati ikipigwa picha na kutumwa kwenye simu, alama ndogo ndizo hupotea kwanza. Katika zoezi la fanksheni hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu alama hizo ndogo ndizo zinazobeba swali lenyewe.

Chukua karatasi yenye maswali mawili. La kwanza limetoa f(x) = x² + 3 na g(x) = √(x − 1), na linataka (f ∘ g)(x). Fanksheni ni kanuni inayopokea namba na kutoa namba moja tu. Kiduara kilicho kati ya f na g kinaagiza kuziunganisha: namba ianze kwa g, kisha jibu lake liingizwe kwenye f. Picha ikiwa na ukungu, kiduara hicho huonekana kama nukta ya kuzidisha. Jaribu kwa 5: g(5) ni kipeuo cha pili cha 4, yaani 2, na f(2) ni 7. Aliyesoma nukta atazidisha 28 kwa 2 na kupata 56. Mpangilio nao una uzito, maana ukianza na f unapata 28, kisha g inakupa √27, ambayo si 7.

Sasa tuifanye kwa herufi. Tunaweka √(x − 1) mahali pa x ndani ya f. Kipeo cha pili kinaondoa kipeuo, inabaki x − 1 + 3, yaani x + 2. Jibu linavutia kwa wepesi wake, na hapo ndipo wengi hunaswa. Kanuni x + 2 inakubali namba yoyote, lakini g, inayopokea namba kwanza, haikubali chochote kilicho chini ya 1. Ukiipa 0 inadai kipeuo cha pili cha −1, ambacho hakimo kati ya namba halisi. Kwa hiyo jibu kamili ni x + 2, kwa x ≥ 1. Kurahisisha kumefuta alama ya kipeuo, ila hakukufuta sharti lake.

Swali la pili ni h(x) = x² − 4x + 5, kwa x ≥ 2, na linataka h⁻¹(x), yaani fanksheni inayorudisha kila namba ilikotoka. Ile −1 ya juu si kipeo cha kawaida, kwa hiyo usigawe 1 kwa h(x). Andika y = x² − 4x + 5. Upande wa kulia ni sawa na (x − 2)² + 1; fungua mabano uone. Ondoa 1 pande zote, upate (x − 2)² = y − 1. Ukichukua kipeuo cha pili unakutana na njia panda: chanya au hasi? Sharti x ≥ 2 linajibu, kwa kuwa x − 2 haiwezi kuwa hasi. Basi x = 2 + √(y − 1). Tukibadilisha herufi, h⁻¹(x) = 2 + √(x − 1), kwa x ≥ 1, kwani h haitoi kamwe namba iliyo chini ya 1.

Kuhakiki ni kuingiza namba na kuona kama inarudi. h(5) ni 10, na h⁻¹(10) ni 2 + 3, yaani 5. Imerudi. Lakini jaribu 0, namba iliyo nje ya sharti: h(0) ni 5, na h⁻¹(5) ni 4. Haikurudi, kwa sababu 0 na 4 zote hutoa 5, na kinyume hakiwezi kurudi kwenye namba mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana namba moja nzuri haitoshi kuhakiki. Pima pia mpakani, hapa x = 2: h(2) ni 1, na h⁻¹(1) ni 2. Kisha hakiki kwa herufi, pande zote mbili. h(h⁻¹(x)) inatoa (√(x − 1))² + 1, yaani x. h⁻¹(h(x)) inatoa 2 + √((x − 2)²), na hiyo ni x pale tu x isipopungua 2.

Na kama ukingo wa picha umekata maneno “kwa x ≥ 2”? Bila sharti lolote, h haina kinyume kabisa. Sharti likiwa x ≤ 2, kinyume ni 2 − √(x − 1), na sasa 0 inakwenda 5 na kurudi 0. Majibu ni tofauti kabisa, na hesabu haiwezi kukwambia mwalimu alikusudia lipi. Ukiona fanksheni yenye x² inaulizwa kinyume bila sharti, omba picha nyingine inayoonyesha kingo zote nne za karatasi.