Folda Ipo, Orodha Haiitaji

Folda inaonekana kwenye simu, kwenye kompyuta haionekani. Akaunti ni ileile, nywila ni ileile, na barua mpya zinaingia kote kuwili bila tatizo. Anayekutana na hali hii kwa mara ya kwanza hudhani kuna mtu amefuta kitu. Mara nyingi hakuna kilichofutwa. Kompyuta imeuliza swali moja, simu imeuliza jingine, na seva imejibu yote mawili kwa usahihi.

Tuchukue chama cha akiba na mikopo chenye anwani moja ya barua pepe inayotumiwa na katibu kwa miaka mingi. Katibu huyo amepanga barua zake vizuri: kuna folda ya Wanachama, kuna ya Benki, na kuna ya Mikopo yenye folda ndogo za kila mwaka ndani yake. Mwisho wa juma chama kinahamisha barua zake kwenda kwa kampuni nyingine inayotoa huduma hiyo. Jumatatu asubuhi katibu anafungua Thunderbird na kukuta `Inbox`, `Sent` na `Trash` tu. Anachukua simu yake, na humo folda zote zipo, hadi za mikopo ya zamani. Fundi anaulizwa, anaangalia kwenye diski ya seva, na kusema barua zimehamishwa zote. Anasema kweli.

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kujua kwamba seva ya IMAP hutunza mambo mawili tofauti kuhusu folda. La kwanza ni folda zenyewe, pamoja na barua zilizomo. La pili ni orodha ya majina ya folda ambazo mwenye akaunti ametaka zionyeshwe. Folda ikiwa kwenye orodha hiyo ya pili, husemwa kuwa imesajiliwa. Mambo haya mawili hayafuatani yenyewe. Unaweza kuwa na folda iliyojaa barua elfu kumi ambayo haijasajiliwa, na unaweza pia kuwa na jina lililosajiliwa ambalo folda yake ilifutwa zamani. Ni kama daftari la mahudhurio darasani: mwanafunzi anaweza kuwa ameketi kwenye dawati lake, lakini kama jina lake halimo daftarini, mwalimu anayeita majina hatamtaja.

Programu ya barua ikitaka kujua folda zote zilizopo, hutuma amri ya `LIST`. Ikitaka zilizosajiliwa tu, kwa kawaida hutuma `LSUB`. Programu nyingi za simu hutumia jibu la swali la kwanza na kuonyesha kila kitu. Thunderbird, ikiachwa kama ilivyosakinishwa, huonyesha zilizosajiliwa tu. Kwa akaunti ya katibu wetu, mazungumzo na seva yangeonekana hivi, kwa ufupi:

```
a2 LIST "" "*"
* LIST (\HasNoChildren) "." INBOX
* LIST (\HasNoChildren) "." Sent
* LIST (\HasNoChildren) "." Wanachama
* LIST (\HasChildren) "." Mikopo
* LIST (\HasNoChildren) "." Mikopo.2023
a2 OK List completed.
a3 LSUB "" "*"
* LSUB () "." INBOX
* LSUB () "." Sent
a3 OK Lsub completed.
```

Tazama tofauti ya majibu hayo mawili. Wanachama na Mikopo zipo kwenye la kwanza, kwenye la pili hazimo. Tatizo lote ni hilo.

Usajili huu una historia yake. IMAP ilianzishwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, na baadaye aliiendeleza kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington. Kwenye seva za Unix za wakati huo, saraka binafsi ya mtumiaji ingeweza kuwa na faili za kila aina pamoja na barua zake, na seva iliyoombwa orodha kamili ingeweza kurudisha rundo lisilo na maana kwa msomaji wa barua. Usajili ulimwezesha mtu kusema: nionyeshe hizi tu. Hata leo una faida kwenye akaunti yenye folda mamia, au pale ofisi nzima inaposhiriki folda za pamoja. Toleo jipya la kanuni za IMAP, lililotolewa mwaka 2021, liliiondoa amri ya `LSUB` na kuhamishia kazi yake kwenye `LIST`, lakini usajili wenyewe ulibaki.

Sasa turudi kwa katibu. Usajili wake ulipoteaje? Seva nyingi huuandika kwenye faili dogo la maandishi lililo kando ya barua. Seva ya zamani, aina ya Courier, huliita faili hilo `courierimapsubscribed`. Seva mpya, aina ya Dovecot, hutafuta faili liitwalo `subscriptions`. Fundi akinakili saraka za barua kama zilivyo, folda zote hufika salama, lakini Dovecot hailisomi faili lenye jina lisilolijua, kwa hiyo huanza na orodha tupu. Kubadili jina la faili peke yake hakutoshi, maana Courier hutanguliza `INBOX.` mbele ya kila folda, ilhali seva mpya huenda haitumii kitangulizi hicho.

Kuhama siyo sababu pekee. Kanuni za IMAP haziilazimishi seva kusajili folda mara inapoundwa. Programu iliyoiunda ndiyo inayopaswa kutuma amri ya usajili, na zipo ambazo hazifanyi hivyo. Hatari kubwa zaidi ni kichujio kinachofanya kazi ndani ya seva. Mtu ameamuru barua zote za benki ziwekwe kwenye folda ya Benki. Folda haijasajiliwa, lakini seva haijali: inaendelea kuziweka humo kila siku, na mtumiaji anayesoma kwenye kompyuta hazioni. Benki inasema imetuma, chama kinasema hakijapokea, na kila upande unaamini uko sahihi. Ukisikia malalamiko ya barua za mtu mmoja au taasisi moja tu kutofika, anza kuangalia hapo.

Watu wengi hushauriwa kuhakiki kwa kufungua barua kupitia kivinjari. Ushauri huo ni mzuri nusu tu. Roundcube, ambayo hutumiwa na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti, nayo hufuata usajili. Folda isiyosajiliwa haitaonekana pembeni mwa ukurasa wake, na mtu akiishia hapo ataamini kabisa kwamba barua zimepotea. Inabidi aingie `Settings`, kisha `Folders`. Humo folda zote hutajwa, na kila moja ina kitufe cha kuisajili au kuiondoa.

Kwenye Thunderbird kazi yenyewe ni ya dakika chache. Katibu anabofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina la akaunti, siyo juu ya `Inbox`, kisha anachagua `Subscribe`. Dirisha linafunguka likiwa na majina ya folda zilizopo kwenye seva. Majina yakionekana ya zamani au pungufu, anabofya `Refresh`. Anatia alama kwenye Wanachama, Benki, Mikopo, kisha anaifungua Mikopo na kutia alama kwenye kila mwaka uliomo. Hapa ndipo wengi hukosea: kusajili folda kubwa hakusajili folda ndogo zake. Ukiisajili Mikopo peke yake utaiona Mikopo, na ndani yake patupu. Akimaliza anabofya `OK`, na folda zinarudi mahali pake. Kwa kuwa usajili unaandikwa kwenye seva, kompyuta ya mhasibu inayotumia akaunti hiyohiyo nayo itazipata, pengine baada ya kufunga programu na kuifungua tena.

Anayetumia Outlook ya zamani ya kompyuta hubofya kulia juu ya akaunti na kuchagua `IMAP Folders`, kisha `Query` ili orodha ijitokeze, kisha huchagua folda na kubofya `Subscribe`.

Ipo njia nyingine, ya kuiambia programu isijali usajili kabisa. Kwenye Thunderbird, ndani ya `Server Settings`, bofya `Advanced` na uondoe alama kwenye `Show only subscribed folders`, kisha uifunge programu na kuifungua upya. Njia hii inafaa kwa uchunguzi, lakini kwa matumizi ya kila siku naona kusajili ndiyo njia bora. Alama hiyo hubadilisha kompyuta moja tu, na atakayetumia kompyuta nyingine kesho atakutana na tatizo lilelile.

Kabla ya kusajili folda kumi kwa mpigo, fikiria bando lako. Thunderbird kwa kawaida hushusha nakala za barua kutoka kwenye folda zilizosajiliwa, pamoja na viambatisho vyake. Miaka mingi ya mikataba iliyoskaniwa inaweza kumaliza bando la mwezi kwa siku moja, kwa hiyo ifanye kazi hiyo ukiwa kwenye mtandao usiopimwa. Jambo jingine ni kwamba Thunderbird haiangalii barua mpya kwenye kila folda. Kwa ile inayojazwa na kichujio, bofya kulia juu yake, ingia `Properties`, na utie alama kwenye mstari unaoitaka ikaguliwe kila barua zinapochukuliwa.

Usajili una mipaka yake. Folda iliyofutwa kweli hairudi kwa kusajiliwa. Hiyo inahitaji nakala ya akiba. Akaunti iliyowekwa kwa mfumo wa POP haina folda za seva za kuonyesha, hata ukiitafuta menyu ya `Subscribe` siku nzima. Kwa Gmail kuna mlango mwingine kabla ya huu: kila lebo, kwenye mipangilio ya `Labels`, ina kisanduku cha `Show in IMAP`. Kikiwa hakina alama, lebo hiyo haitajwi hata kwenye dirisha la usajili. Na kinyume chake, kuondoa usajili hakufuti barua hata moja; huiondoa folda machoni tu.

Ewe fundi unayehamisha barua za watu: usikague `LIST` peke yake. Linganisha jibu lake na la `LSUB` kwa kila akaunti kabla hujawaambia wenyewe kwamba kazi imekwisha. Nawe mwenye akaunti, piga picha ya orodha ya folda zako kabla ya siku ya kuhama, na usikubali kuambiwa barua zimepotea mpaka dirisha la `Subscribe` limefunguliwa mbele yako.