Pesa ya Machi iliyoonekana Aprili

Sisi watu wa Pwani tunaoishi Rhonda, Nakuru, tuna chama chetu cha kuzikana. Si kikubwa. Wengi wetu tulifuata kazi bara miaka mingi iliyopita, na mtu akifiwa au akifa, gari la kumrudisha nyumbani Kilifi au Kwale halingoji mshahara. Mimi nilikuwa karani wa benki kabla ya kustaafu, basi nikapewa kazi ya kukagua daftari kila baada ya miezi mitatu. Nataka nieleze jambo lililotutokea Pasaka ya 2024, kwa sababu lilikaribia kumharibia mtu jina, na najua vyama vingi vya huko nyumbani vimegombana kwa jambo hilo hilo.

Mweka hazina wetu ni mama mtu mzima, tunamwita Shangazi. Jumapili ya tarehe 31 Machi tulikutana kufunga hesabu ya robo mwaka. Daftari lake lilisema tuna shilingi 412,300. Kijana mmoja akatoa simu, akafungua akaunti ya chama, akasoma 313,800. Tofauti ni 98,500.

"Shangazi, hizi nyingine ziko wapi?"

"Mwanangu, nimeweka zote. Cheki nimeipeleka Alhamisi, na ile elfu thelathini na nane na mia tano nimeituma jana kwa M-Pesa."

Jumanne tarehe 2 Aprili zile pesa zikaonekana kwenye akaunti. Hapo ndipo mambo yalipochacha. Watu wakasema: ameulizwa Jumapili, Jumanne amekimbia kuzirudisha. Stetimenti ikachapishwa, na kweli, ukurasa wa Machi haukuwa na hata mstari mmoja wa pesa hizo. Zote mbili zilikuwa Aprili.

Kwanza tuelewane kuhusu tarehe zenyewe. Stetimenti yaweza kuwa na safu tatu za tarehe, ingawa benki nyingine huchapa mbili tu. `Trans Date` ni siku wewe ulipofanya tendo: uliposimama kaunta, ulipobonyeza simu, ulipopitisha kadi. `Post Date` ni siku benki ilipoliandika tendo hilo kwenye kitabu chake. `Value Date` ni siku pesa zinapoanza kuhesabiwa kuwa zako, yaani unaweza kuzitoa, na riba huhesabiwa kuanzia hapo. Mistari hupangwa kwa siku ya kuandikwa. Ukiomba stetimenti ya mwisho wa Machi, benki inakupa yaliyoandikwa hadi mwisho wa Machi. Yaliyofanyika Machi na kuandikwa Aprili hayamo.

Kwa nini benki isiandike papo hapo? Kwa sababu kitabu cha benki kina siku yake. Kila jioni ya siku ya kazi mitambo hufunga hesabu, hujumlisha yaliyoingia na yaliyotoka, kisha husogeza tarehe hadi siku ya kazi inayofuata. Katika benki nyingi Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazina ukurasa wao. Sasa tazama mwaka ule. Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 29 Machi, na Jumatatu ya Pasaka tarehe 1 Aprili, zote siku za mapumziko Kenya. Alhamisi jioni benki yetu ilipofunga kitabu, ukurasa uliofuata uliandikwa Jumanne tarehe 2. Shangazi alipotuma pesa Jumamosi, zilifika, lakini ukurasa pekee uliokuwa wazi ulikuwa wa Jumanne. Benki nyingine huonyesha salio jipya kwenye simu hapo hapo hata kama tarehe ya kitabu iko mbele. Yetu haikuonyesha, na hilo ndilo lililomponza.

Cheki ni safari nyingine. Ilikuwa ya shilingi 60,000, rambirambi kutoka kwa mwajiri wa mwenzetu aliyefariki. Cheki si pesa, ni barua ya kuiagiza benki ya mwandishi ilipe. Tangu 2011 benki za Kenya hutumiana picha ya cheki badala ya karatasi yenyewe, na siku hizi jibu kwa kawaida hupatikana siku ya kazi inayofuata. Lakini kuna saa ya mwisho ya kupeleka picha hizo. Shangazi alifika kaunta saa tisa na nusu alasiri, saa ile ikiwa imepita. Karani akagonga muhuri wa tarehe 28 Machi, cheki ikalala. Ikaingia kitabuni Jumanne tarehe 2, na pesa zikawa za kutolewa Jumatano tarehe 3. Mstari mmoja, tarehe tatu: 28, 2 na 3. Hakuna aliyedanganya.

Hadi hapo mtu mbishi angesema haya ni maelezo tu, ushahidi uko wapi? Kwa cheki ilikuwa rahisi, maana risiti ilikuwa na muhuri wa benki. Hapa niseme kitu: tazama muhuri, au tarehe iliyochapwa na mashine. Tarehe aliyoiandika mwekaji mwenyewe kwa kalamu haithibitishi chochote.

Kwa M-Pesa, Shangazi alikuwa amefuta meseji. Lakini ule mstari wa stetimenti ulibeba namba ya muamala, ikianza na `SCU`. Herufi tatu za mwanzo za namba ya M-Pesa zina tarehe ndani yake. Ya kwanza ni mwaka: S ni 2024, T ni 2025. Ya pili ni mwezi: A ni Januari, B Februari, C Machi. Ya tatu ni siku: tarehe 1 hadi 9 huandikwa kwa tarakimu, kisha A ni 10, B ni 11, na kuendelea hadi U ambayo ni 30 na V ambayo ni 31. `SCU` basi ni tarehe 30 Machi 2024, Jumamosi, siku moja kabla ya yeye kuulizwa. Fungua meseji zako za zamani upime mwenyewe, ndivyo tulivyofanya pale barazani, kila mtu na simu yake. Yule kijana alipima yake tatu, akanyamaza.

Lingekuwa `SD2`, yaani tarehe 2 Aprili, ningekuwa upande wa waliomshuku.

Kwa hiyo si kila kuchelewa kuna sababu safi. Pesa taslimu zilizowekwa kaunta siku ya kazi kabla ya kufunga zinatakiwa ziandikwe siku ile ile. Muhuri ukisema Alhamisi na kitabu kikasema Jumanne, rudi benki na risiti uulize. Kadi nayo ina kawaida yake: ukinunua dukani, benki huzizuia pesa mara moja ili usizitumie tena, lakini mstari wenyewe huja siku kadhaa baadaye, benki ya mwenye duka inapodai.

Na mwenye mkopo atazame `Value Date`. Ukilipa Jumamosi siku ya mwisho ya awamu na ukatozwa faini kwa sababu kitabu kilisema Jumanne, peleka ile namba ya M-Pesa uombe faini iondolewe.

Sisi tuliongeza ukurasa kwenye daftari unaoitwa "Njiani", wa pesa zilizowekwa na bado hazijaandikwa na benki. Mwisho wa Machi ulikuwa na mistari miwili, 60,000 na 38,500. Ukizijumlisha na 313,800 ya benki unapata 412,300 ya Shangazi. Kumbukumbu za kikao zilisahihishwa, ingawa yeye alikataa kuendelea na kazi hadi wazee wawili walipokwenda nyumbani kwake kumbembeleza.