Bei ya shaba ku ekra: ile mistari inasema nini, na haisemi nini

Ndugu zetu wa mugodi, mu mazungumuzo ya mishahara tumeisha kuona patroni anafungua ekra, anatuonyesha grafike ya bei ya shaba ku soko la Londoni, na kusema: "Munaona ile mistari miwili imekatana? Bei itashuka. Hakuna nyongeza." Delege asiyejua ile mistari ni nini atanyamaza tu. Basi leo tuieleze pole pole, maana hesabu yake haipite ile watoto wetu wanafundishwa ku sekondari.

Tuanze na bande. Mutu aliyezitengeneza ni John Bollinger, Mwamerika, mu miaka ya 1980. Ku ekra zinaandikwa BB(20,2). Ni mistari mitatu. Wa katikati ni wastani wa bei ya siku 20 za soko: unajumulisha bei ya kufunga ya kila siku, unagawanya kwa 20. Wa juu na wa chini inaonyesha bei zimetawanyika namna gani kando ya ule wastani. Unapima kila bei iko mbali na wastani kwa kiasi gani, unazidisha ile tofauti kwa yenyewe, unatafuta wastani wa zote, kisha unachukua kipeo chake cha pili. Jibu unalizidisha mara 2, unaongeza juu ya wastani, unatoa chini yake.

Kwa hiyo bande haionyeshe bei inaenda wapi. Inaonyesha soko lilitikisika namna gani mu siku 20 zilizopita. Soko likitulia, bande zinasongana, likitikisika, zinapanuka. Wachuuzi wa soko wakiona zimesongana sana wanakaa macho, kwa sababu utulivu hauendeleaka milele. Lakini kusongana hakusemi kama bei itatoka kwa juu ao kwa chini.

MACD, yeye ni kazi ya Gerald Appel, mu miaka ya 1970. Hapa tunafanya wastani mbili, wa siku 12 na wa siku 26, lakini wastani zinazopatia bei ya leo uzito zaidi kuliko ya zamani. Wa 12 unafuata bei mbio, wa 26 unajikokota. MACD ni tofauti tu: wa 12 kutoa wa 26. Kisha kuna mustari wa pili, unaitwa mustari wa ishara, ambao ni wastani wa MACD yenyewe kwa siku 9. MACD ikipita juu ya ishara, wachuuzi wanasema mwendo unapata nguvu. Ikikata chini, wanasema nguvu inapungua, na wengi wanauzisha.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme tani ya shaba imekaa ku dolari 9.000 kwa muda murefu, bila kutikisika. Soko la kweli halikae hivi, lakini mufano rahisi njo unaonyesha mashini inatumika namna gani. Wastani zote ni 9.000, MACD ni 0, na bande zimesongana kabisa.

Siku moja bei inaruka, inafunga ku 9.260. Wastani wa 12 unachukua sehemu 2 juu ya 13 za ile nyongeza ya 260: unapanda dolari 40, unafika 9.040. Wa 26 unachukua sehemu 2 juu ya 27, unafika karibu 9.019. MACD inakuwa 21. Mustari wa ishara unachukua sehemu moja tu juu ya tano, unafika 4. MACD iko juu ya ishara: mufanyabiashara anaona nguvu ya kupanda. Bande nazo zinafunguka: wastani wa siku 20 ni 9.013, bande ya juu ni karibu 9.126. Bei ya 9.260 imetoka inje ya bande.

Kisha tuseme bei inabakia palepale, 9.260 kila siku. Haipande, haishuke. Angalieni vizuri: wastani zote mbili zinaendelea kupanda kuifuata, lakini ule wa 12 unafika mbele, na wa 26 unamufikia nyuma. Kwa hiyo tofauti yao inakuwa mingi kwanza, karibu dolari 72 kwa siku ya 8 ao ya 9, halafu inaanza kupunguka. Kufika siku ya 15, MACD inakata ishara kwenda chini. Ekra inasema "uzisha", na bei haijapoteza hata dolari moja!

Hapa njo siri yote. MACD kukata chini hakusemi bei inaanguka. Inasema tu mbio ya kupanda imepunguka, sawa lori inayopanda mulima ku premiere: imepunguza mwendo, lakini hairudi nyuma. Pengine itasimama na kushuka, pengine itaendelea kupanda pole pole.

Na bande vilevile. Watu wengi wanazani bei ikigusa bande ya juu, lazima irudi chini. Bollinger mwenyewe anafundisha kama kugusa bande peke yake haiko ishara ya kuuzisha. Bei ikishika njia ya kupanda, inaweza kutembea kando ya bande ya juu kwa siku mingi. Mu mwaka 2024 shaba ilipanda wiki nyingi, mpaka kupita dolari 11.100 tarehe 20 Mei, bei ambayo haikuwa imefikiwa mbele. Kisha mu Agosti ilikuwa imerudi chini ya 9.000. Aliyeuzisha mapema aliacha faida mingi. Aliyefikiri kupanda hakuna mwisho alianguka nayo.

Tena kuna mambo yasiyoingia mu hesabu hata kidogo. Tarehe 8 Marsi 2022, bei ya nikeli ku Londoni ilipita dolari 100.000 kwa tani mu masaa machache, soko likafungwa, na biashara za siku ile zikafutwa. Hakuna bande ya siku 20 iliyoweza kuonyesha ile. Na mu Februari 2025, serikali ya Kinshasa ilisimamisha kutoshwa kwa kobalti mu inchi. Uamuzi kama ule unabadilisha bei, na MACD inaujua nyuma tu, wakati bei imeisha kusogea.

Basi, delege akionyeshwa grafike, aulize kwanza: kila alama ni siku, wiki, ao saa? MACD ya saa moja inaweza kukata chini asubui na juu magaribi, na mukataba wetu wa mishahara ni wa miaka. Kisha aulize: MACD imekata chini, sawa, lakini iko juu ya 0 ao chini? Ikiwa juu ya 0, wastani wa siku 12 ungali juu ya ule wa 26, ni kusema bei za siku hizi zingali juu ya zile za mbele. Mwisho aulize bei yenyewe: leo tani ni ngapi, na siku tuliweka sinyatire ku mukataba uliopita ilikuwa ngapi? Kwa mushahara, zile namba mbili zina uzito kuliko mistari yote ya ekra.